Maelezo Chini ya Picha ya Daktari

Joanitha wa Buhembe alikaa miaka kumi na mmoja kwenye dirisha la mapokezi la zahanati, akiita majina ya wagonjwa, na hakuna aliyewahi kulalamika kwamba hakusikika. Ndiyo maana Daktari Kahigi, alipoanzisha huduma ya ushauri wa daktari kwa njia ya simu pale Bukoba mjini, alimchukua yeye ajibu ujumbe na kuandika matangazo ya mtandaoni.

Tangazo lake la kwanza lilimpendeza mno. Picha ya daktari akitabasamu, na chini yake: "Daktari yuko mkononi mwako! Jumatatu hadi Jumamosi, saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku. Shilingi elfu kumi tu, unalipa kwa simu kabla ya kuongea naye." Magonjwa wasiyoyaweza aliyapeleka mkiani kabisa. Nani anafungua duka kwa kutaja asichouza?

Jumanne, saa moja na nusu asubuhi, alikuta ujumbe uliotumwa tangu saa kumi na mbili. Ulitoka kwa Joviana, mama mmoja wa huko Kamachumu: "Waitu, jamani, mwanangu wa miezi saba anapumua kwa shida, kifua kinabonyea, na titi amelikataa. Elfu kumi ninayo. Nasubiri mfungue."

Joanitha akapiga simu papo hapo.

"Mama, usisubiri! Mbebe mtoto sasa hivi, hospitali. Hilo sisi hatuliwezi kwa simu."

"Lakini mmeandika saa mbili, waitu. Sikutaka kuwasumbua."

"Tumeandika pia..." Joanitha akajikatiza. "Nenda, mama, nenda!"

Simu ilipokatika alifungua tangazo kama mteja yeyote. Saa zilionekana, bei ilionekana, kisha "Ona zaidi". Onyo lote la magonjwa wasiyoyaweza lilikuwa limejificha nyuma ya maneno hayo mawili. Aibu ilimshika. Mama wa watu amekaa saa nzima na nusu na mtoto anayehangaika kupumua, kwa adabu yake tu, na kwa uzembe wa Joanitha.

Aliliondoa tangazo, akaandika jingine. Jioni habari ikaja kutoka hospitali: nimonia, mtoto yuko kwenye oksijeni, anaendelea vizuri.

Daktari Kahigi alisoma maandishi mapya, akakuna kichwa. "Joanitha, hili linafukuza wateja."

"Hao ndio wa kufukuzwa, daktari. Tena wakimbie."

Daktari alisoma tena. Mwishowe akaongeza neno moja, degedege.

Siku ya nne, mtoto aliporudi nyumbani, Joanitha alimtumia Joviana tangazo lile na kumpigia. "Nisomee unachokiona, mama, kabla hujabonyeza chochote."

Joviana alisoma polepole. "Usitusubiri! Kupumua kwa shida, mtoto kukataa kunyonya, degedege, damu nyingi, maumivu makali ya kifua, kupoteza fahamu: nenda hospitali sasa hivi, saa yoyote."

Nyuma yake mtoto alisikika akilia kwa nguvu.

"Hili ningeliona," alisema Joviana.