Mstari wa Kijani

Torben aliijenga seva ya kampuni, kompyuta iliyotuma kurasa kwa wateja, kwa mikono yake, akaitunza miaka kumi na miwili. Asubuhi hiyo, katika ofisi yao ya Aalborg, Denmark, ilikuwa iamuliwe kama izimwe, maana ukurasa wa wateja ulikuwa ukijikokota.

“Ni mtandao wa wateja huko mashambani,” alisema Torben.

“Acha ubishi, mzee, tuangalie,” alisema Maiken, mwenzake. Akafungua zana za kivinjari, upande wa mtandao unaoonyesha muda wa kila hatua, akaupakia ukurasa upya.

Kuunganishwa kulichukua chini ya robo sekunde, na kupakua jibu vivyo hivyo. Katikati ulilala mstari mrefu wa kijani: kusubiri seva ijibu, sekunde tisa.

Torben ndiye aliyemfundisha Maiken kuusoma mstari huo.

“Mtandao hauna kosa,” alisema Torben taratibu. “Waambie wakuu waizime seva.”