Ukomo wa Megabaiti Tano

Zabibu Kasanda alikuwa na sifa moja iliyomfikisha alipo na iliyokuja kumtia matatani: akisema kitu kimekaa sawa, watu waliamini. Katika ofisi ya mradi wa macho, nyumba ya vyumba vinne upande wa stesheni ya Tabora, yeye ndiye aliyekuwa mtu wa kompyuta. Hakuwa na msaidizi. Kijana aliyeutengeneza mfumo alishahamia Dar es Salaam, na akipigiwa simu alijibu baada ya wiki, si siku.

Kazi ya mradi ilieleweka hata kwa mtoto. Wauguzi walitembea na kamera ndogo vijijini, kuanzia Itetemia hadi huko Usoke, sehemu kubwa ikiwa njia ile ile waliyopita wapagazi wa zamani na pembe za ndovu begani. Walipiga picha nyuma ya jicho la kila mgonjwa wa kisukari, wakaipandisha kwenye mfumo kwa simu, na Dokta Nasim, bingwa wa macho aliyekaa Mwanza, akaisoma na kujibu. Mwenye hatari aliitwa haraka. Asiye na hatari aliambiwa arudi mwakani.

Mwezi wa tatu zilikuja kamera mpya, na picha zikaanza kugoma. Simu za wauguzi zilionyesha maneno mawili tu: "Imeshindikana. Jaribu." Zabibu alichungulia logi za seva, yaani kumbukumbu za yaliyopita humo, akamkamata mwizi mara moja. Ile proksi, programu inayokaa mlangoni na kupokea kila kinachotumwa kabla hakijafika kwenye mfumo wenyewe, ilikuwa bado na ukomo wake wa kiwandani, megabaiti moja. Picha za kamera za zamani zilipita chini ya hapo, za kamera mpya zilikuwa kubwa. Akapandisha ukomo hadi megabaiti ishirini na tano, akaiwasha upya, akajaribu kwa picha ya mbuzi wa jirani aliyokuwa nayo kwenye simu. Ilikuwa na megabaiti tatu. Ikapita kama kisu kwenye siagi. Akawaandikia wauguzi wote kwenye kundi: "Imekaa sawa, chapeni kazi."

Na kweli malalamiko yakakoma. Miezi mitano mizima Zabibu alijisikia fundi.

Mwezi wa nane mama yake, Bi Mwanahawa, mgonjwa wa kisukari wa miaka mingi, aliamka pale Itetemia na kukuta jicho la kulia lina utando kama moshi wa kuni mbichi. Hospitali walisema damu imemwagika ndani, na hawakuwa na matumaini ya kuliokoa. Zabibu alikataa kuamini. Mama alikuwa amepigwa picha na mradi wake mwenyewe mwezi wa tano, na jibu likaja: hakuna dalili.

Akaenda ofisini na hasira za kumtafutia Dokta Nasim makosa. Alifungua faili la mama akaikuza picha. Ilikuwa imefifia, mishipa midogo imegeuka ukungu. Akaangalia uzito wake akadhani amesoma vibaya: haikufika hata robo ya megabaiti. Kamera zile zilitoa picha za megabaiti tisa, kumi. Akafungua ya mgonjwa aliyefuata, na wa baada yake, na wengine kumi. Zote nyepesi hivyo hivyo.

Alimpigia Benedikta, muuguzi mkubwa kuliko wote kwa umri na kwa upole.

"Dada Benedikta, hizi picha mnazipandishaje?"

"Kwa WhatsApp, mdogo wangu. Tunajitumia kwanza kwa WhatsApp, tunaipakua, halafu ndiyo tunaipandisha kwenye mfumo. Hapo inapita bila shida."

"Kwa nini msizipandishe moja kwa moja?"

"Zinagoma. Imeshindikana, jaribu. Tangu zile kamera zije."

"Mbona hamkuniambia?"

"Ulishasema imekaa sawa. Tukaona labda ni simu zetu hizi za bei poa. Tungekurudiaje tena mtu umehangaika, tukuaibishe kwenye kundi? Muuguzi mwenzetu Minza akagundua njia hiyo ya WhatsApp, basi tukafundishana."

"Na picha halisi mnazo?"

"Tunafuta. Simu inajaa."

Zabibu alikata simu akakaa akitazama wavu wa dirisha. WhatsApp huibana kila picha iwe nyepesi; dalili ndogo zilifutikia humo, na Dokta Nasim asingeweza kuziona. Alitamani kosa liwe la Minza. Alitamani liwe la yule kijana wa Dar. Akarudi kwenye logi, na kila alipogeuka alijikuta mwenyewe. Kulikuwa na picha zilizokataliwa kwa ukubwa hata baada ya marekebisho yake, lakini kwenye logi ya makosa ya proksi hapakuwa na neno. Proksi ingekuwa ndiyo iliyokataa, ingeandika. Ina maana iliziruhusu zipite, zikakataliwa ndani. Freimuweki, ile programu ya msingi ambayo mfumo ulijengwa juu yake, ilikuwa na ukomo wake wa pili, na yule kijana aliuweka megabaiti tano. Mbuzi wa megabaiti tatu alipita milango yote miwili. Jicho la megabaiti kumi liligonga wa pili, na simu ikatoa maneno yale yale.

Marekebisho yalichukua dakika nne. Alipandisha ukomo wa freimuweki hadi ishirini, akauwasha mfumo upya. Dakika nne! Alitaka kulia, ila Damas, mhasibu, alikuwa chumba kimoja naye, na njia ya kutokea ilipita mbele ya meza yake.

Alasiri hiyo Benedikta alifika Itetemia na kamera, akalipiga jicho la kushoto la Bi Mwanahawa, lile lililobaki. Picha ilikuwa na megabaiti kumi na moja. Zabibu, aliyefuatana naye, aliishikilia simu kwa mikono miwili mpaka picha ikapita. Jibu la Dokta Nasim lilikuja kabla chai haijapoa: vimishipa vipya vimeota nyuma ya jicho, aletwe Mwanza wiki hii achomwe leza, jicho bado linaweza kuokolewa.

Bi Mwanahawa alisomewa jibu lote. "Na vimishipa hivyo mwezi wa tano havikuwepo?"

"Huenda vilikuwepo, mama. Picha ilifika mbovu."

"Nani aliiharibu?"

Zabibu alikuwa na majibu matatu tayari, yote ya kweli, yote ya kitaalamu. "Mimi," akasema. "Nilisema nimetengeneza, sikujaribu kwa picha yenyewe. Jicho lako limekwenda kwa uvivu wangu, mama."

Mama alimgeuzia uso, akamtafuta kwa jicho moja. Hakumwambia kwamba amemsamehe. Aliuliza, "Tuko wangapi?"

"Mia mbili na kumi na wawili."

"Wote mmewaambia wazima?"

"Karibu wote."

"Basi mimi Benedikta atanifungia mizigo. Wewe piga simu."

Zabibu alikaa kwenye kigoda cha uani, akafungua orodha. Wa kwanza alikuwa Mzee Dionis wa Usoke. Alipokea papo hapo, nyuma yake kukiwa na kelele za watu wanaopanga tumbaku.

"Shikamoo mzee. Ni Zabibu, wa mradi wa macho."

"Marahaba, mwanangu! Ninyi hao hao nilikuwa nawasifu jana kanisani. Nimewaambia watu wasiogope, waende wapimwe, mimi mmenipima na mkaniambia niko salama."