Kuku Aliyewahishwa Nyanya

Fundi cherehani yule majirani walimwita Mama Pindo, maana nguo aliyoikunja pindo haikufumuka. Mumewe alipofariki, watu walidhani atafunga virago arudi kwao. Hakurudi. Alibaki na mama mkwe wake, wawili katika vyumba viwili, na mwaka ulizaa mwaka mpaka watu wakasahau kwamba hawakuzaana.

Bibi alikuwa amebakiwa na meno ya kuhesabika, na hata hayo yalikuwa hayakutani. Alipenda nyama, hasa ya kuku wa kienyeji. Mama Pindo alishajifunza: kuku mzee hapikwi kwa hasira. Unamtia majini na kitunguu na tangawizi, unafunika, unamwachia moto mdogo saa tatu, pengine na zaidi, ukiongeza maji ya moto yanapopungua. Ukichoma paja kwa uma na uma usigome, hapo ndipo unapotia nyanya, ndimu na viazi. Ukiwahisha vitu vichachu, nyama inakaza shingo.

Siku moja wifi yake alipiga simu. "Nakuja jioni kumwona mama. Nasikia amekonda."

Mama Pindo hakumuuliza kasikia kwa nani. Alimchinja kuku wake mkongwe aliyekuwa ameacha kutaga zamani, akamwosha, akamkata vipande, akambandika jikoni. Kisha akarudi kwenye cherehani.

Saa moja haijapita vizuri, gari likasimama nje. Wifi aliingia na mkoba begani, akamkumbatia mama yake, akamshika mkono na kuugeuzageuza kama anayekagua kitambaa dukani.

"Wifi, mbona umewahi?" Mama Pindo akauliza.

"Dereva ana safari nyingine, wifi. Mama amekula?"

"Chakula kiko jikoni. Bado kidogo."

"Mchana wote huu, bado?"

Alisema kwa upole, na upole ule ndio uliomkata Mama Pindo maini. Akaenda jikoni, akafunua sufuria, akachoma paja. Uma ukagoma. Akasimama na kifuniko mkononi. Angeweza kurudi ukumbini na kusema, kuku huyu ni mzee, tusubiri. Lakini sauti ya wifi ilikuwa inapita dirishani: "Kwa hiyo mama huwa unakula saa ngapi hapa?" Akachochea makaa mpaka mchuzi ukatokota kwa fujo, akamimina nyanya zote, akakamua ndimu, akatupia viazi. Mkono wake ulijua unachokosea, lakini haukusimama.

Viazi viliiva. Mchuzi ukawa mwekundu, wa kupendeza macho. Kuku alibaki vilevile.

Walikaa mezani. Wifi aliuma kipande, akakivuta, kikamshinda, akakirudisha sahanini. Bibi alikihamisha chake kutoka shavu hili kwenda lile, muda mrefu, macho chini. Mwishowe akakitoa, akakifumbata kiganjani, kama mtu aliyefumaniwa.

"Mama, ndiyo unavyolishwa siku zote?"

"Leo tu, mwanangu," Bibi akasema. "Huyu hunipikia vizuri."

"Unamtetea kwa sababu unaishi naye."

"Wifi, huyu kuku alihitaji muda," Mama Pindo akasema.

"Kila kitu kina sababu yake, shemeji." Hakumwita wifi tena. "Mama anakwenda nami."

Mama Pindo alidhani Bibi atakataa. Bibi aliangalia mkono wake uliofumba, akamwangalia binti yake, damu yake. Akainuka kufungasha. Nguo zake zilienea kwenye mfuko mmoja.

Sufuria ilibaki jikoni. Makaa yalikuwa yamefifia yenyewe, na Mama Pindo akaongeza maji ya moto, akafunika, si kwa njaa, ila hakujua afanye nini kingine. Jua lilipokuwa linazama nyama ilianza kuachia mifupa. Viazi vilikuwa vimevurugika, vimegeuka uji. Alikula vijiko viwili. Ilikuwa laini, hata mtu asiye na meno angeimeza. Kilichobaki akampelekea jirani, yule yule aliyemshuku kuwa ndiye aliyemwambia wifi kwamba Bibi amekonda.

Baada ya wiki kadhaa, wifi alipiga simu.

"Mama hali nyama. Ulikuwa unampikiaje?"

Mama Pindo akamweleza yote: maji, moto mdogo, uma, nyanya mwishoni.

"Saa tatu? Nani ana saa tatu? Mimi nanunua kuku wa kisasa, nusu saa ameiva."

"Basi ameiva."

"Anasema hana ladha. Anakula uji tu."

Mama Pindo alitaka kusema, mrudishe. Wifi akasema kuna mtu mlangoni, akakata simu.