Mbadala wa Wingu

Mume wangu aliniambia, bila hata kutabasamu, kwamba hajawahi kuona mtu mwenye akili timamu akiweka nafasi ya chumba kwa ajili ya kivuli. Nilikuwa jikoni kwetu Tangini, Kibaha, chai imepoa, simu mkononi, natafuta hoteli ya Luxor, Misri, ya Agosti 2027. Bado ilikuwa zaidi ya mwaka mzima. Nikamjibu kwamba wenye akili timamu walishaweka kabla yangu, ndiyo maana bei zimepanda namna ile. Akavaa viatu akaenda zake kazini Dar.

Mimi ni mwalimu wa fizikia, na wivu wangu una historia. Mwaka 2016 jua lilipatwa kipete kule Mbarali, likabaki pete ya moto tu. Walimu wenzangu wawili walisafiri. Mimi nikaona Kibaha panatosha, kwa kuwa hata huku lingemegwa sehemu kubwa. Nikawatoa wanafunzi uwanjani na miwani yao maalumu, na wingu likaja likakaa pale pale tulipokuwa tunaangalia, likaondoka shughuli imekwisha. Wanafunzi wakarudi darasani wakiuliza kama hilo litatoka kwenye mtihani. Wenzangu waliporudi walisimulia wiki nzima, nami nikawasikiliza nikiwa nimenuna waziwazi.

Safari hii si pete. Mwezi utalifunika jua lote, mchana utaingia giza, na taji jeupe la jua, lile ninalolichora ubaoni kila mwaka, litaonekana kwa macho matupu. Lakini ni ndani ya mkanda mwembamba tu wa dunia. Ukiwa nje ya mkanda huo umekosa, na miwani huivui hata dakika moja. Kibaha siku hiyo jua litamegwa kidogo tu, kama muhogo ulioonjwa na panya.

Kwa hiyo nilipanga kama mtu anayekimbizwa. Nilipekua kumbukumbu za mawingu za miaka mingi, zile zinazokusanywa na setilaiti, nikaona Luxor mwezi wa Agosti wingu ni la nadra. Mtu mwingine angetulia hapo. Mimi nikaanza kuhofia vumbi. Nikaweka chumba cha pili Sohag, chini zaidi kwenye mto Nile, ambako nako kumo ndani ya mkanda, ili utabiri wa siku za mwisho ukiwa mbaya tuingie kwenye gari tuhame. Vyumba vyote viwili nilivichagua vya kufutika bila hasara. Tiketi za ndege zilikuwa bado, maana mashirika hufungua viti kwa safari isiyozidi takriban mwaka mmoja mbele, nami nilikuwa nachungulia kila asubuhi kama kuku anayesubiri mlango wa banda.

Bado sikutosheka. Nikatafuta mbadala wa tatu, nikaupata ng'ambo ya Bahari ya Shamu: kivuli kikitoka Misri kinapita Jeddah na Makka. Nikamwambia mume wangu wakati wa chakula, kwa furaha kabisa, ili kumlainisha. Aliacha kutafuna. Akaniuliza mara mbili kama nina hakika.

Ijumaa ya wiki ile ile alikwenda Kisarawe kwa mama yake. Alirudi uso unang'aa.

"Mama amekubali," akasema. "Tunampeleka Umra. Kuna kikundi kinaondoka wiki hiyo hiyo. Wewe utamsukuma kwenye kiti cha magurudumu, si unajua magoti yake. Na jua lako litapatwa tukiwa Makka. Bibie, Mungu akupe nini tena?"

Mbadala wangu wa tatu ulikuwa umeshageuka kuwa safari yenyewe.

Nani atalalamika kwamba anapelekwa Makka? Lakini nilijua siku hiyo itakavyokuwa. Jua likianza kupatwa, watu wataswali swala ya kupatwa kwa jua, nayo ni ndefu, yenye rukuu mbili katika kila rakaa. Giza litaingia mimi nikitazama zulia. Huwezi kuinua macho katikati ya swala, na huwezi kumwacha mama mkwe katikati ya umati ili ukalale chali ukaangalie juu, maana jua la saa saba litakuwa karibu na utosi. Nilijionea aibu kwa kufikiria hivyo, na aibu haikunizuia. Nilifungua ile nafasi ya Luxor kwenye simu, nikaifunga, nikaifungua. Usiku na mchana nilikuwa kama mtu aliyepandwa na siafu.

Jumapili tukaenda wote Kisarawe. Mama alikuwa kibarazani anabangua korosho, vidole vyeusi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kaa. Mbona umekonda?"

"Ana mawazo ya Umra," mume wangu akajibu kwa niaba yangu.

Mama hakumtazama. "Nimemuuliza yeye."

Nilikuwa nimekwenda kusema kwamba niko tayari. Nilikuwa nimeipanga sentensi hadi mwisho. Ikatoka nyingine.

"Mama, mimi nataka kulitazama lile jua. Nimelifundisha maisha yangu yote sijaliona."

Mume wangu akakuna shingo. Mama akapasua korosho mbili, tatu, akazitia kwenye ungo.

"Lilipopatwa zamani, sisi watoto tulifungiwa ndani," akasema. "Watu wazima nje wanapiga masufuria, sisi chini ya kitanda. Sikuona kitu." Akanigeukia. "Huko Misri umeshafuta?"

"Bado."

"Usifute. Sitaki kwenda Makka na mtu ambaye moyo wake uko Misri. Hiyo si ibada, ni kusindikizana. Kiti changu kitasukumwa na huyu niliyemzaa mwenyewe."

"Mama," mume wangu akaanza, "mke wa mtu peke yake Misri, watu watasemaje?"

"Watu gani? Hao ndio wanaomlipia?"

Nilitaka kumbusu mikono ile yenye utomvu wa korosho. Nilicheka, nikalia kidogo, akanifukuza niende nikachemshe chai.

Tuliporudi Kibaha niliketi pale pale jikoni kurekebisha nafasi. Niliifuta Sohag, nikaiweka tena, kwa sababu mimi ni mimi. Kisha nikafika panapouliza idadi ya wageni. Palikuwa na mbili tangu siku ya kwanza. Nilikuwa nimeandaa mbadala wa wingu, wa vumbi, na dereva wa kuhama naye, na katika hesabu zote hizo mume wangu alikuwa amelala chali pembeni yangu akilalamika joto. Sikuwahi kufikiria hapo patakuwa patupu. Niliandika moja.

Alikuwa amesimama nyuma yangu, ameona.

"Kinaanzia wapi hicho kivuli?" akauliza.

"Baharini, magharibi huko. Kinapita kwangu kwanza. Halafu kinavuka bahari kinakuja kwenu."

"Baada ya muda gani?"

"Muda mfupi tu. Hata chai haijapoa."

Akavuta kiti akakaa.

"Basi kikishakupita, nipigie. Nijue kinakuja."

"Utakuwa unaswali. Simu itakuwa imezimwa."

"Najua," akasema. "Nipigie hivyo hivyo."