Skrini Nyeusi Siitaki

Hasira zangu ziko karibu, sifichi. Kwa hiyo meneja wetu aliponiambia mbele ya wenzangu kwamba ni afadhali nihamie masjala nikapange mafaili, niliwaka. Kijana wa kunizidi elimu, sikatai, lakini mimi ndiye niliyeziwasha seva, zile mashine za kutunzia kumbukumbu, za kituo chetu cha afya, tawi la Kibaha na tawi la Kisarawe, siku ya kwanza kabisa. Leo nikapange mafaili? Thubutu!

Ila kosa lilikuwa langu. Kila jioni natoa amri ya kunakili kumbukumbu za wagonjwa wa Kisarawe kuja Kibaha. Maandishi yanamwagika, mistari mamia kwa mamia, meupe juu ya weusi, na kama kuna hitilafu iko katikati humo. Siku ile nilipandisha juu kutafuta, nikapitiliza mahali amri ilipoanzia bila kujua, nikasoma matokeo ya jana nikidhani ni ya leo. Nikatangaza kwamba mambo ni safi. Kesho yake mashine ya Kisarawe ikaharibika, nakala Kibaha hakuna; ilipotengenezwa, wauguzi wakakaa siku mbili wakiingiza upya kadi za kliniki kutoka kwenye makaratasi. Muuguzi mkuu alinipigia: "Dada, umetuua." Niliona aibu mpaka chakula kikanishinda.

Daktari wa macho alishaniambia kwamba kwa jicho langu, herufi nyeupe kwenye giza zitaonekana zenye ukungu. Nilikuwa nampuuza. Wataalamu wote wanatumia skrini nyeusi, nani anataka kuonekana mzee? Sasa nikamwomba meneja wiki moja niirekebishe skrini yangu. Akasema Ijumaa tutaona.

Jumatatu nikabadilisha rangi ya nyuma iwe ya maziwa, maandishi yawe meusi, herufi nikazikuza kidogo. Macho yakapumua. Kisha nikaingia kwenye faili la mipangilio, nikaubadilisha ule mstari unaokusubiri uandike amri. Nikautangulizia nafasi tupu, nikauwekea saa, nikaupaka buluu iliyokoza kwa Kibaha na kijani kwa Kisarawe. Sasa ukipandisha juu, huo utepe wa rangi unakusimamisha: amri ilianzia hapa, saa hii, kwenye seva hii.

Ukadhani nimemaliza? Wapi! Jumanne, kila nikiandika amri ndefu, maneno yalirudi mwanzo wa mstari uleule yakapandana. Nilimfokea kila aliyepita. Kumbe alama za rangi nilizipachika bila kuzizungushia zile alama nyingine zinazoieleza kompyuta kwamba hizi hazichukui nafasi, zisihesabiwe kama herufi. Nikazizungushia, kukatulia.

Jumatano nikaamua kujijaribu mwenyewe. Nikainyima programu yetu ya kunakili ruhusa ya kusoma folda moja ya majaribio, kisha nikatoa amri ya kunakili. Ilipaswa kulalamika. Nikasoma juu mpaka chini, kimya. Nikasoma tena. Nilijua onyo limo na mimi silioni. Basi ni macho kweli, nikajisemea, masjala inaniita. Nusura nilie pale kitini. Halafu nikaburuta kipanya juu ya maandishi kuyateua, na onyo likajitokeza. Onyo letu huandikwa kwa njano! Njano juu ya rangi ya maziwa, nani ataiona? Nilicheka peke yangu. Nikafungua orodha ya rangi za dirisha lile, ile njano nikaigeuza kahawia nzito, nikarudia amri. Onyo likasimama wazi.

Ijumaa meneja alinisalimia, "Shikamoo mama," nikaitika marahaba kwa sauti kavu. Akatoa amri ya kunakili kwanza yeye, kwenye skrini yake nyeusi, akatazama mistari michache ya mwisho. "Safi," akasema. "Haya, zamu yako."

Nikatoa amri. Maandishi yakamwagika. Nikapandisha hadi utepe wa buluu, nikahakikisha saa, nikaanza kushuka bila haraka. Mbele yake, mbele ya wote. Katikati nikakuta kahawia.

"Folda ya chanjo ya watoto haijanakiliwa," nikasema. "Hakuna ruhusa ya kusoma. Na hii sikuitega mimi."

Akainama, akasoma kwa kidole. Akarudi kwenye mashine yake, akapandisha juu, akapandisha, akalikuta onyo lilelile. Kisha akachukua simu, akampigia muuguzi mkuu wa Kisarawe.

"Msiizime hiyo mashine mkifunga leo," akamwambia. "Kumbukumbu za chanjo hazijafika huku. Mama ameliona onyo, mimi sikuliona. Subiri, nakupa uongee naye."