Sauti ya Nne Isiyohama

Naikumbuka jioni moja ya mazoezi ya kwaya pale Igamba, mwanangu, enzi za Mwingereza, kahawa imeanikwa hadi karibu na mlango wa kanisa. Nilikuwa binti wa sauti ya kwanza. Nilijua naimba vizuri, tena nilitaka kila mtu ajue. Cheka tu! Ulidhani bibi yako alizaliwa na mkongojo?

Katika sauti ya nne, ile nzito ya chini, alikuwamo Lameki, huyo babu yako. Tulipendana, lakini baba yangu hakumtaka. "Yule hatulii," alisema. "Jana Chunya kwenye dhahabu, leo Rodeshia kwenye shaba, kesho wapi? Simpi binti yangu mtu wa njiani." Lameki alipoomba tena, baba akasema jibu la mwisho atalitoa baada ya sikukuu ya mavuno. Basi moyo wangu ulikuwa juu juu.

Mwalimu wetu wa kwaya, mzee Yotamu, alitufundisha wimbo wa sikukuu kwa do-re-mi, kwa chaki ubaoni. Mwishoni palikuwa na jambo geni kwetu. Sauti tatu za juu zinabadilika, ila ya nne inashika "so" moja tu, haihami, mpaka neno la mwisho ndipo inashuka kwenye "do". Sasa sisi Wanyiha, ukianzisha wimbo nyumbani, mwenzio anakufuata kwa chini. Ukipanda anapanda, ukishuka anashuka. Kwa hiyo wale wa sauti ya nne wakitusikia tunapanda, nao hao, wamepanda! Aliyebaki chini ni Lameki peke yake.

Mwanzoni haikuniudhi. Juu tukiimba so-ti-re, ile "so" yake ni ya humo humo. Tukienda do-mi-so, bado imo. Lakini tulipofika fa-la-do, lo! "So" haimo kabisa. Inasuguana na fa, inasuguana na la, na hiyo la ndiyo niliyokuwa naimba mimi. Nikanyamazisha kwaya nzima.

"Lameki, unatuharibia! Hama na wewe, shika fa!"

Mzee Yotamu hakukasirika. "Haya binti, tufanye unavyotaka." Wote wakahama pamoja nasi, wimbo ukateleza laini mpaka mwisho. Akauliza, "Nani kati yenu alikuwa na hamu ya kufika?" Kwa kweli hakuna.

"Sasa Lameki, baki pale pale."

Tukaimba tena. Fa-la-do ikakwaruzana na "so" yake, tukarudi kwenye so-ti-re, mimi juu nimeongezewa fa inayodai kushuka kwenye mi. Hapo mzee akainua mkono, akatuacha tunaning'inia. Ee mwanangu, nilitaka kulia! Mwili mzima ulikuwa unaidai ile "do". Aliposhusha mkono, Lameki akashuka, mimi nikaangukia mi, na kwaya nzima ikapumua.

"Mkwaruzo huo ndio unaowapa hamu ya kurudi," akaniambia. "Wewe ndiye unayekwenda, binti yangu, usimgombeze anayekungoja. Na wewe nawe kaza la yako, usimlegezee. Mmoja wenu akilegea, hakuna wimbo."

Siku ya mavuno baba alikaa mbele kabisa. Tulipofika mahali pale, wenzake Lameki wakatoroka na sisi kama kawaida yao. Akabaki peke yake, mishipa ya shingo imemtoka, anaiba pumzi kati ya neno na neno. Niliogopa, lakini nikakaza la yangu juu yake. Nikamwona baba ameinama mbele kwenye benchi. "Do" iliposhuka, akaegemea nyuma taratibu.

Nje, kati ya mikungu ya ndizi na mahindi ya sadaka, baba alimwita Lameki. "Kijana, wenzako wote walihama. Wewe mbona hukuwafuata?"

Lameki sauti ilishamkauka. "Baba, na mimi ningehama, wangerudi wapi?"

Baba akacheka. "Haya. Waambie wazee wako waje."

Ndiyo maana jana uliponililia kwamba mchumba wako hakubali kila usemalo, sikukimbilia kumlaumu. Sisemi uvumilie matusi wala mkono. Anayekutukana au kukupiga, huyo mwache asubuhi na mapema. Lakini mtu anayekupenda na bado ana msimamo wake, usimlazimishe akufuate kila unapopanda. Nawe usiiache sauti yako kwa ajili yake. Kwaruzaneni kidogo, ila mjue mnakorudi.

Mimi na babu yako tumegombana sana, wala sikufichi. Nikifoka, yeye hukaa pale jikoni anavuma "so" yake chini chini, mzee mchokozi yule, mpaka nicheke. Nikishacheka, ndipo anashuka.

Mungu akupe wa kukungoja hivyo, mwanangu, na akujalie kurudi kila mara.