Saa Mbili za Nyamai Mtoni

Kavindu alikuwa amefanya kazi miaka kumi na mmoja kama mhudumu wa afya ya jamii kule Kanyangi. Wagonjwa walimsikiliza, wazima walimcheka. Wanaume wa mwethya, kikundi cha kazi ya pamoja kijijini, walimwita Daktari wa Mkoba.

Asubuhi hiyo mwethya ulikuwa mtoni ukijenga bwawa la mchanga. Katika kikundi chao mwanamume akiketi kabla ya saa sita, wanawake humtungia wimbo wa kejeli, na wimbo huo humfuata mpaka sokoni. Kavindu alifika saa nne na nusu akitoka kumwona mgonjwa. Alimkuta kaka yake, Nyamai, mtu wa miaka hamsini na minne, ameinamia jiwe asilolinyanyua. Shati lilikuwa limelowa jasho, ilhali mkono wake ulikuwa baridi.

"Una nini?"

"Ni alsa tu, hivi vidonda vya tumbo. Nilikula maharagwe."

"Inauma wapi?"

Akagusa katikati ya kifua. "Inakaza. Inapanda kwenye taya na mkono huu."

"Tangu lini?"

Nyamai akatazama wenzake. "Tangu saa mbili na nusu asubuhi."

Muthama, mwenyekiti wa kikundi, akacheka kwa sauti. "Alinieleza asubuhi, nikamwambia mawe ndiyo dawa! Dada yake amekuja kumtafutia kivuli. Akina mama, tuimbe?"

Wakaimba. Kavindu alimketisha Nyamai chini, mgongo ukiegemea ukingo wa mto, magoti yamekunjwa, akamkataza kusimama. Akampigia simu muuguzi wa zahanati. Muuguzi akasema huenda ni mshtuko wa moyo, ambulensi iko mbali, watafute gari mara moja.

"Mwenyekiti, lete pikapu yako."

"Ina saruji. Tushushe kwanza."

"Basi shusheni upesi!"

Ndila, jirani yao, akachomoa panado kwenye leso. "Mpe hizi, dawa ni dawa."

"Hizo hupunguza maumivu tu, hazizuii damu kuganda. Nataka aspirini." Mama mkwe wa Ndila alikuwa akitumia zile ndogo za miligramu sabini na tano. Ndila akakimbia kuzileta, nyumba yao ikiwa karibu na mto.

Kavindu alijua kwamba dawa ile si ya kila mtu, akamkazia kaka yake macho. "Aspirini imewahi kukuletea vipele, kukuvimbisha uso au kukubana pumzi?"

"Hapana."

"Una pumu? Unatumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi? Umewahi kupata kiharusi?"

"Hapana."

"Umetapika damu, au choo kimekuwa cheusi kama lami?"

"Hapana."

"Na hiyo alsa, nani alikupima?"

Nyamai akainamisha kichwa. "Sikupimwa. Kila mtu husema kifua kikiwaka ni alsa."

Kama angejibu ndiyo kwa lolote, Kavindu angeacha aspirini na kumwuliza muuguzi. Hata hivyo alimpigia muuguzi tena, naye akakubali. Ndila aliporejea, Kavindu akahesabu vidonge vinne, miligramu mia tatu, akaviweka mkononi mwa Nyamai.

"Usivimeze. Tafuna mpaka viwe unga, ndipo umeze."

"Ni chungu."

"Tafuna, Nyamai."

Hakumpa chai wala chakula, na hakukubali atembee hata hatua moja. Wanaume wanne walimbeba kwa turubai mpaka kwenye pikapu, ambayo ilikuwa bado na mifuko sita ya saruji. Njiani kuelekea Kitui Kavindu alimwambia Kiilu, mpwa wao aliyekuwa naye nyuma: "Akizimia na asipumue kawaida, piga ngumi paa la gari lisimame. Tutamlaza chali tumsukume kifua, kwa nguvu na kwa haraka, mpaka hospitali au mpaka mikono yetu ishindwe."

Nyamai alifika akiwa hai. Daktari alisema aspirini ilikuwa sahihi, na kipimo chake pia. Kisha akauliza maumivu yalianza saa ngapi, na alipojibiwa akasema wamechelewa. Misuli mingi ya moyo ilikuwa imeshakufa. Nyamai alifariki kesho yake alasiri.

Kwenye mazishi Muthama alipewa nafasi kabla ya mchungaji. "Nyamai alikuwa dume," alisema. "Alianguka kazini, jiwe mkononi. Vijana, mfuate mfano huo." Watu wakapiga makofi.

Kavindu akasimama bila kuitwa.

"Kaka yangu hakufa kwa ajili ya jiwe. Alifinywa kifua saa mbili nzima, akamwambia mwenyekiti, mwenyekiti akacheka. Nanyi mkaimba. Dawa nilimpa, lakini saa mbili zilizopotea hazimo kwenye mkoba wangu. Msiwafundishe vijana huo mfano."

Hakuna aliyepiga makofi. Mzee mmoja akanong'ona kwamba mwanamke hasemi hivyo mbele ya jeneza. Muthama akamwashiria kiongozi wa kwaya, na kwaya ikaanza kuimba, kwa sauti zilezile zilizomwimbia Nyamai mtoni.